Zege Lililobanwa Halikatwi Ovyo

Mji wa Dar es Salaam wazidi kupanda juu, na mikono mingi inayoupandisha yatoka katika vijiji vya Pwani. Alfajiri vijana huondoka Msimbu, Kisarawe, Mlandizi na Kibaha kwenda kutafuta kibarua penye majengo. Wengine huchanganya zege, wengine hufunga nondo. Wapo pia wale wanaoitwa jengo likisha kumalizika; hupewa mashine ya kutoboa, wakaoneshwa alama ya chaki sakafuni na kuambiwa, "Toboa hapa, bomba lipite." Ni hao wa mwisho tunaotaka kusema nao leo, pamoja na manyapara wao na wenye majengo. Liko zege ambalo ndani yake mna chuma kilichovutwa kwa nguvu ya tani nyingi, na chuma hicho kingali kinavuta mchana na usiku. Anayelikata bila kulijua anaweza kupoteza maisha yake, na anaweza kuilegeza sakafu wanayolala watu asiowajua.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe lilivyo. Zege ni kama jiwe. Ukiliminya halijali, ukilivuta hupasuka upesi, kwani nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu moja tu katika kumi ya nguvu yake ya kuminywa. Mhimili ukibebeshwa mzigo hujipinda kidogo. Upande wa juu huminywa na upande wa chini huvutwa, na huko chini ndiko nyufa zinakoanzia. Mafundi wetu wote wajua dawa ya kawaida: kulaza nondo upande wa chini, ili zege likisha kupasuka kidogo nondo zipokee mvuto. Lakini nondo hizo zimelala tu. Hazianzi kufanya kazi ya maana mpaka mzigo uje na zege lianze kufunguka.

Zege lililobanwa lafuata njia nyingine. Chukua matofali 8 uyapange mstari mmoja mezani, bila udongo wala saruji kati yake. Ukiinua tofali la mwisho, mstari wakatika. Sasa weka kiganja kimoja kila upande, ukandamize matofali kwa nguvu kuelekea katikati, kisha uyainue. Yatanyanyuka yote pamoja kama ubao mmoja, na huenda yakabeba hata tofali la 9 lililowekwa juu yake. Hakuna gundi iliyoongezwa. Kilichoongezwa ni mbano. Mzigo ukitaka kuyafungua matofali upande wa chini, sharti kwanza ulishinde lile bano la mikono. Basi legeza kiganja kimoja uone: hayapasuki polepole, yaporomoka yote mara moja. Msomaji akiushika mfano huu ameshika shina la habari yote tutakayoeleza hapa.

Katika jengo mikono hiyo ni nyaya za chuma. Huvutwa kwa jeki mpaka zirefuke, kisha hushikwa zisirudi. Nazo, kwa kutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, hulibana zege kutoka ncha hata ncha.

Mtu wa Kisarawe au Kibaha hana haja ya kwenda mbali kuuona mfano wake. Reli mpya ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, yapita katika nchi yetu ya Pwani kati ya Pugu na Soga, na yalala juu ya mataruma ya zege yaliyofanywa katika kiwanda kilichojengwa Soga kwa kazi hiyo. Taruma la namna hiyo hufanywa kwa kuvuta nyaya kwanza ndani ya kalibu ndefu ya chuma, kisha kumimina zege juu yake. Zege likisha kuwa gumu na kuzishika nyaya pande zote, ncha zake huachiliwa. Nyaya hutaka kufupika, lakini zege limezishika. Basi hulibana taruma. Ndiyo maana taruma hupitiwa na magurudumu ya treni mara maelfu kwa maelfu bila ya kupasuka katikati.

Huenda mtu akauliza: kama ni kuvuta chuma tu, mbona watu wa zamani hawakufanya hivyo kwa nondo za kawaida? Walijaribu, mwishoni mwa karne ya 19, wakashindwa. Sababu yake ilikuja kufahamika vizuri kwa kazi ya mhandisi wa Kifaransa, Eugène Freyssinet, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1928. Zege si kitu kilichotulia. Likiendelea kukauka hunywea, na likiminywa miaka na miaka huendelea kufupika kidogo kidogo. Kwa jumla kila mita ya zege huweza kupoteza robo tatu ya milimita, au hata milimita nzima. Nondo laini ikivutwa kwa kadiri inayoweza kustahimili hurefuka karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo zege likisha kufupika, nondo imelegea na bano limekwisha. Freyssinet alitumia chuma kigumu sana, kinachoweza kurefuka milimita 6 au 7 katika kila mita bila kuharibika. Zege likila milimita moja, bado 5 au 6 zabaki zikivuta. Ubora wa chuma hiki basi ni kwamba kimerefushwa mno. Na hatari yake inatoka hapohapo.

Sasa tutoke relini twende kwenye sakafu za maghorofa, ambako ndiko vibarua wetu hutoboa. Huko kwa kawaida nyaya hazivutwi kabla ya kumimina zege, bali baada yake. Mafundi hupanga kebo ndani ya kalibu, kila moja ikiwa katika ala ya plastiki yenye grisi au katika bomba la bati. Hawazinyooshi kama kamba ya kuanikia nguo. Juu ya nguzo huzipandisha karibu na uso wa sakafu, na katikati ya nguzo na nguzo huzishusha karibu na dari ya chini, zikawa kama mawimbi. Kisha humimina zege, hungoja siku kadhaa mpaka vipimo vioneshe kwamba limepata nguvu ya kutosha, ndipo hufunga jeki kwenye ukingo wa sakafu na kuvuta kebo moja baada ya moja. Kabari ndogo za chuma zenye meno huing'ata kebo isirudi. Hupimwa pia imetoka kwa sentimita ngapi, na kipimo hicho hulinganishwa na hesabu ya mhandisi. Mwisho hukatwa ncha iliyozidi, na tundu la ukingoni huzibwa kwa saruji. Kuanzia hapo mpita njia haoni kitu. Katika daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, kila mtu aziona nyaya zilivyokazana hewani, na hakuna mwenye akili atakayezigusa kwa msumeno. Katika sakafu nyaya zilizokazwa kama zile zimefichwa chini ya marumaru.

Yale mawimbi yana kazi yake. Kamba iliyolegea na kuning'inia, ukiivuta ncha zake, hutaka kunyooka na kuinuka katikati. Vivyo hivyo kebo iliyoshushwa katikati ya sakafu hutaka kunyooka, na katika kutaka huko huisukuma sakafu juu. Basi kebo hulibana zege kwa urefu, tena hulibeba.

Tupige hesabu ya kebo moja. Tuseme sakafu ina unene wa sentimita 20, nguzo zake zimeachana kwa mita 8, na kebo yapita vyumba vinne mfululizo, yaani mita 32. Kebo ya kawaida imesokotwa kwa nyaya 7, na unene wake wote ni milimita 12.7, si zaidi ya kidole. Hukatika kwa nguvu ya tani 18 hivi. Jeki huivuta kwa tani 14, nayo yarefuka karibu sentimita 20. Baada ya zege kunywea na mambo kutulia, hubaki ikivuta kwa tani 11 hivi, miaka yote ya uhai wa jengo. Kama wimbi lake lina kina cha sentimita 10, kebo hiyo moja yainua karibu kilo 140 katika kila mita. Katika chumba cha mita 8 ni zaidi ya tani moja, na katika vyumba vinne ni zaidi ya tani nne.

Sasa kibarua aja na mashine yake chumba cha kwanza. Anataka tundu la bomba la choo, upana wa sentimita 10. Maji yamwagika, mashine yazunguka, na jino la almasi, ambalo halichagui kati ya jiwe na chuma, lagusa kebo. Waya wa kwanza wakatika, wa pili, wa tatu; zilizobaki haziwezi kustahimili tani 11, nazo zakatika kwa mkupuo. Nini hufuata?

Jambo la kwanza ni mruko. Nguvu iliyohifadhiwa katika kebo ile ya mita 32 yatosha kuinua mzigo wa tani moja hadi kimo cha mita moja, nayo yatoka yote kwa kufumba na kufumbua. Kebo iliyo ndani ya grisi haina kitu cha kuishika. Huweza kuchomoka ukingoni mwa jengo pamoja na saruji iliyoziba tundu, au kutumbukiza mapande ya zege pale ilipo karibu na uso, yaani juu ya nguzo au chini katikati ya chumba. Ndiyo maana wakati wa kukaza kebo haruhusiwi mtu kusimama nyuma ya jeki wala mkabala na ncha ya kebo. Kibarua wa tundu la choo hajui hata ncha hiyo iko upande gani; huenda inaelekea njia wanayopita watoto.

Jambo la pili halina kelele, nalo ni baya zaidi. Kebo ile haikukatika katika chumba cha kwanza tu. Kwa kuwa yateleza ndani ya ala yake, imelegea kutoka ncha hata ncha. Chumba cha pili, cha tatu na cha nne, ambavyo hakuna mtu aliyevigusa, kila kimoja kimepoteza tani moja ya ubebaji. Aliyetoboa yuko huku, na aliyepunguziwa usalama analala kule.

Hata hivyo mara nyingi sakafu haianguki siku hiyo. Wahandisi huacha akiba, na kebo za jirani pamoja na nondo za kawaida hupokea mzigo ulioachwa. Huo ndio mtego. Nyapara aona jengo limesimama, asema, "Mwaona? Hakuna lililotokea," na wiki ya pili aamuru tundu jingine. Kumbe akiba ile ililiwa kwa tundu la kwanza. Baada ya tundu la tatu au la nne katika mstari uleule hakuna ajuaye kimebaki nini, wala sakafu haina wajibu wa kupasuka kwanza ili kutuonya.

Si kila kebo huteleza namna hii. Katika sakafu nyingine mabomba ya bati hujazwa uji wa saruji baada ya kukaza, nao ukiganda huishika kebo kwa urefu wake wote. Hapo kebo ikikatwa hulegea karibu na mkato, na mbele kidogo saruji huishika tena. Taruma na mihimili ya kiwandani vivyo hivyo: zege lenyewe limeushika waya. Hatari ya mruko hupungua, na hasara haifiki chumba cha nne. Lakini asiwepo wa kujifariji kwa hayo. Pale penye mkato nguvu imekwisha, na kama pale ndipo katikati ya mhimili, mhimili umekwisha. Tena uji wa saruji haujai kila mahali kama ilivyokusudiwa. Huachwa mapengo ya hewa, na penye pengo kebo yabaki huru. Anayetoboa kutoka juu hawezi kuliona pengo.

Tena kebo haikatwi na mashine peke yake. Kutu nayo hukata. Katika mji wa Dresden, Ujerumani, usiku wa tarehe 11 Septemba 2024, sehemu ya daraja la Carola lililofunguliwa mwaka 1971 ilianguka mtoni. Wachunguzi waligundua kwamba nyaya nyingi za ndani zilikuwa zimekwisha kupasuka, moja baada ya moja, kwa kuharibika kwa chuma chenyewe, ilhali juu yake magari ya abiria ya reli yaliendelea kupita. Kwa bahati hakuna aliyeumia, kwa kuwa ilikuwa saa tisa za usiku. Wajerumani hawakukosa wahandisi wala vyombo vya kupimia. Funzo tunalolichukua ni moja: kebo iliyokatika ndani ya zege haipigi kelele. Basi na yule atobozaye tundu asiache nyuma yake kebo iliyochubuliwa na kufunuliwa maji, akidhani kwamba kwa kuwa haikukatika hakufanya kitu. Waya uliokwisha kuvutwa hivyo, ukipata jeraha na maji, hufanyiwa na kutu kazi ambayo mashine haikuimaliza.

Mfanyakazi atajuaje kwamba sakafu iliyo mbele yake ni ya namna hii? Atazame kwanza ukingo wa sakafu kwa nje, au katika ngazi na maegesho ambako haukufunikwa. Akiona viraka vya saruji, vya duara au vya pembe nne, vyenye ukubwa wa kiganja, vimepangwa kwa mstari na kwa nafasi zinazolingana, ajue kwamba nyuma ya kila kiraka mna kabari na ncha ya kebo. Atazame na nguzo. Nguzo zilizoachana mita 8 au 10, sakafu ikiwa nyembamba na bila mihimili chini yake, ni dalili ya kuuliza. Lakini kutoona viraka si ushahidi kwamba kebo hazimo, maana plasta na rangi huficha yote. Ushahidi ni michoro ya jengo, na mwenye jengo asiyekuwa na michoro aitafute kwa aliyemjengea kabla ya kutafuta fundi bomba.

Kama tundu halina budi, iko njia ya kulipata. Mhandisi aliyesajiliwa asome michoro na aamue mahali. Kisha sakafu ipimwe kwa chombo cha rada kinachoona chuma ndani ya zege, na njia ya kila kebo ichorwe kwa rangi sakafuni na vilevile darini chini yake. Tundu dogo liwekwe kati ya mistari, kwa kuacha nafasi ambayo mhandisi ameitaja. Penye shaka zege lichimbuliwe kwa mkono, pole pole, mpaka kebo ionekane, wala isitumike mashine ya almasi. Misumari na skurubu za kuning'inizia dari ziwe fupi, na mashine iwe na kizuizi cha kina, maana katikati ya chumba kebo huwa sentimita 2 au 3 tu kutoka dari. Na kama panatakiwa tundu kubwa la ngazi au la lifti, hiyo ni kazi ya watu maalumu: sakafu hutegemezwa kwa magogo au nguzo za chuma, kebo hulegezwa kwa utaratibu, na ncha mpya hushikwa ukingoni mwa tundu na kukazwa tena.

Na kama ajali imekwisha kutokea? Kibarua aliyesikia mlio, au mashine yake ikaruka, au akaona nyuzi za chuma zimesokotwa katika kipande alichotoa, asiendelee wala asilizibe tundu kwa saruji kuficha kosa. Aizime mashine. Watu watoke chini ya sakafu ile na mbali na kingo zake, katika vyumba vyote vya mstari ule na si chumba kile peke yake. Mstari wote utegemezwe kutoka chini, na mhandisi aitwe siku ileile. Kusema mapema kutamgharimu mwenye jengo fedha. Kuficha huwagharimu wapangaji roho zao.

Twajua ugumu uliopo. Kibarua aliyelipwa kwa siku akiuliza sana huambiwa wako wengine langoni. Ndiyo sababu mzigo wa jambo hili hatuuweki begani mwake peke yake. Nyapara asiyemwonesha kibarua mistari ya kebo asimpe mashine, na mwenye jengo asiyetaka kulipia kupimwa kwa sakafu asijengewe choo kipya. Lakini kwa kuwa mkono ulioshika mashine ndio wa kwanza kuumia, mwenye mkono huo ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kubonyeza swichi: "Sakafu hii ina kebo?" Akijibiwa "Sijui," jibu hilo latosha kuiweka mashine chini.